Kitufe Kinapovimba Bila Kuombwa

Fungua programu ndogo ya kompyuta iliyoandikwa na mtu anayejifunza kutengeneza madirisha, kisha litanue dirisha lake lijaze skrini nzima. Likiwa limepangwa vizuri, jedwali la katikati litatanuka na vitufe vya chini vitabaki na umbo lake. Likipangwa vibaya, kila kitu kitavimba pamoja. Kitufe cha "Hifadhi" kilichokuwa na kimo cha mstari mmoja wa maandishi kitapanda hadi kumeza robo ya dirisha, na jedwali, ambalo ndilo mtumiaji amekuja kulisoma, litaonyesha mistari michache tu. Hesabu za programu ni sahihi na data iko salama, lakini mtu anayeitumia siku nzima anafanya kazi kupitia tundu dogo.

Kwenye programu zinazotumia GTK, tatizo hili karibu kila mara hutoka kwenye maneno mawili ya msimbo: `expand` na `fill`. Ni swichi mbili tu, kila moja ikiwa na jibu la ndiyo au hapana. Hata hivyo zinawasumbua watu kwa sababu zinagusa upande mmoja tu wa dirisha, na mara nyingi kosa halipo kwenye kitufe kilichovimba bali kwenye sanduku lililokibeba, au hata lililobeba sanduku hilo.

Sanduku badala ya vipimo

GTK ilizaliwa katika miaka ya 1990 kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, walikuwa wakiandika GIMP, programu ya kuhariri picha. Matoleo yake ya mwanzo yalitumia Motif, zana za madirisha zilizokuwa zikiuzwa kwa leseni, kisha wakaamua kujitengenezea zao. Toleo la GTK 1.0 lilitoka mwaka 1998, la 2.0 mwaka 2002, la 3.0 mwaka 2011 na la 4.0 mwaka 2020. Leo GTK ndiyo msingi wa mazingira ya GNOME yanayokuja na Ubuntu, wa Xfce, wa Inkscape na wa GIMP yenyewe.

Katika GTK, mtengeneza programu kwa kawaida haandiki kwamba kitufe kikae pikseli 40 kutoka kushoto na 300 kutoka juu. Anatengeneza sanduku, wijeti iitwayo `GtkBox`, ambalo hupanga vilivyomo kwa mstari mmoja, ama kwa ulalo au kwa wima. Ndani ya sanduku anaweka wijeti moja baada ya nyingine: lebo, kisanduku cha kuandikia, kitufe, au sanduku jingine lenye vitu vyake. Vilivyomo huitwa watoto, na sanduku ndilo mzazi.

Mpango huu una sababu nzuri. Ukubwa wa kitufe hutegemea maandishi yake na aina ya herufi iliyochaguliwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kitufe chenye neno "Funga" hakiwezi kulingana na chenye maneno "Hifadhi kwa jina jipya", na mzee aliyeongeza ukubwa wa herufi ili asome vizuri anahitaji vyote viwili viwe vikubwa zaidi. Kwa hiyo sanduku humuuliza kila mtoto anahitaji nafasi kiasi gani, akipewa cha chini kabisa na akipewa cha kumtosha. Likishajumlisha majibu, linaongeza mapengo yaliyowekwa kati ya watoto, kisha linalinganisha jumla hiyo na nafasi ambayo dirisha linayo.

Dirisha likitoshana na mahitaji, kazi imekwisha, na swichi zetu mbili hazionekani. Ndiyo maana programu inaweza kupendeza inapofunguka na kuharibika mara tu inapotanuliwa. Swichi zinaanza kusema pale tu panapokuwa na nafasi iliyobaki, na swali lake ni moja: ziada hii apewe nani?

Kiwanja na nyumba

Kila mtoto ndani ya sanduku ana kiwanja chake, na wijeti ni nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja hicho. Swichi ya `expand` inahusu kiwanja: ikiwa ndiyo, kiwanja cha mtoto huyo kinaongezewa sehemu ya ziada. Swichi ya `fill` inahusu nyumba: ikiwa ndiyo, nyumba inapanuliwa mpaka kwenye mipaka ya kiwanja, ikiwa hapana, nyumba inabaki na ukubwa wake wa asili katikati ya kiwanja, na ardhi tupu inaachwa pande mbili.

Tuchukue mstari wa kutafutia bidhaa kwenye programu ya duka, ulio ndani ya sanduku la ulalo. Una lebo inayohitaji upana wa pikseli 60, kisanduku cha kuandikia kinachohitaji 168, na kitufe kinachohitaji 80. Kati yao kuna mapengo mawili ya pikseli 6. Jumla ni 320. Sanduku likipewa upana wa pikseli 600, ziada ni 280.

Msimbo wa kuviweka, kwa lugha ya Python na GTK 3, ni huu:

```python
mstari.pack_start(lebo, False, False, 0)
mstari.pack_start(kisanduku, True, True, 0)
mstari.pack_start(kitufe, False, False, 0)
```

Neno la kwanza baada ya jina la wijeti ni `expand`, la pili ni `fill`, na namba ya mwisho ni nafasi tupu ya kuwekwa pande mbili za mtoto. Hapa kisanduku pekee ndicho kimeomba ziada. Kitapata pikseli zote 280 na kufikia upana wa 448, huku lebo na kitufe vikibaki na 60 na 80. Hivi ndivyo inavyofaa, kwani mtu anayetafuta bidhaa anahitaji mahali pa kuandika jina refu, wala hahitaji kitufe kipana.

Sasa badilisha `fill` ya kisanduku iwe `False` na uiache `expand` ilivyo. Kiwanja kitaendelea kuwa cha pikseli 448, ila kisanduku kitarudi kwenye 168 na kukaa katikati, na pikseli 140 tupu kila upande. Lebo itaonekana imetengwa na kisanduku chake, na kitufe kimesukumwa mbali. Anayeitazama skrini atafikiri kuna mtu aliyeweka mapengo makubwa, ilhali mapengo ni yale yale 6, na kilichoachwa wazi ni kiwanja cha kisanduku.

Mwisho, weka `True, True` kwa watoto wote watatu. Ziada ya 280 inagawanywa sawasawa kwa watatu, na pikseli moja inayobaki anapewa wa kwanza. Lebo inafika 154, kisanduku 261 na kitufe 173. Kumbuka kwamba kinacholinganishwa ni ziada, wala si upana wa mwisho. Anayetaka watoto wote walingane ana swichi nyingine ya sanduku zima, iitwayo `homogeneous`. Neno "Tafuta" la kwenye lebo nalo linaelea katikati ya nafasi yake, kwa kuwa lebo ya GTK huweka maandishi katikati isipoambiwa vingine.

Mpangilio mmoja unaobaki ni `False, True`, nao huwachanganya wengi. Mtoto ambaye `expand` yake ni hapana hapokei ziada, kwa hiyo kiwanja chake kinalingana na nyumba yake na `fill` haina cha kujaza. Ukiona mtu anaibadilisha `fill` mara kwa mara bila chochote kusogea kwenye skrini, itazame kwanza `expand` iliyo karibu nayo.

Dirisha la duka, hatua kwa hatua

Mstari wa kutafutia ulikuwa na sanduku moja. Matatizo halisi huanza sanduku linapokaa ndani ya sanduku. Tuliangalie dirisha zima la programu ile ya duka. Sanduku la nje ni la wima na lina watoto watatu: mstari wa kutafutia juu, jedwali la bidhaa katikati, na mstari wa vitufe vya "Hifadhi" na "Funga" chini. Mistari yote miwili ni masanduku ya ulalo. Mwandishi amepanga hivi:

```python
nje.pack_start(juu, True, True, 0)
nje.pack_start(jedwali, True, True, 0)
nje.pack_start(chini, True, True, 0)
```

Tuseme kila mstari unahitaji kimo cha pikseli 34, jedwali linahitaji 100, na mapengo mawili ya 6 yanafanya jumla iwe 180. Dirisha lina kimo cha 480, kwa hiyo ziada ni 300. Wote watatu wameiomba, na kila mmoja anapata 100. Jedwali linaishia na 200. Mstari wa juu na wa chini, ambayo haikuhitaji chochote zaidi, inafikia 134 kila mmoja. Vitufe vya "Hifadhi" na "Funga" vinakuwa na kimo cha pikseli 134, karibu mara nne ya kile vilichohitaji.

Anayeliona tatizo hili kwa mara ya kwanza hulifuata pale linapoonekana. Vitufe ndivyo vilivyovimba, basi anakwenda kwenye msimbo wa vitufe, ndani ya mstari wa chini, na kuweka `False, False`. Anaendesha programu upya. Vitufe pengine vimepungua upana, lakini kimo ni kile kile cha 134. Anajaribu michanganyiko yote minne ya swichi, na hakuna hata mmoja unaoshusha kimo.

Sababu ni kwamba swichi za `pack_start` hutawala upande mmoja tu, yaani ule ambao sanduku hupangia watoto wake. Mstari wa chini ni wa ulalo, kwa hiyo swichi alizopewa kitufe ndani yake zinazungumzia upana wake peke yake. Kwa upande mwingine, wa kimo, sanduku la ulalo humpa kila mtoto kimo chake lote, naye mtoto hukijaza isipokuwa ameagizwa asijaze. Kitufe kimevimba kwa sababu mstari wake umevimba, na mstari umevimba kwa sababu sanduku la nje liliambiwa liugawie ziada ya wima.

Kwa hiyo dawa iko ngazi moja juu:

```python
nje.pack_start(juu, False, False, 0)
nje.pack_start(jedwali, True, True, 0)
nje.pack_start(chini, False, False, 0)
```

Ziada yote ya 300 sasa inakwenda kwa jedwali, linalofikia 400, na mistari miwili inarudi kwenye 34. Hakuna kilichobadilishwa kwenye kitufe chenyewe.

Kuna dawa nusu ambayo inafaa kuitambua, maana huonekana kama imeponya. Mtu anaibadilisha `fill` ya mstari wa chini iwe `False` lakini anaiacha `expand` ikiwa `True`. Vitufe vinarudi kwenye kimo cha 34, na mwandishi anafurahi. Lakini kiwanja cha mstari bado ni 134, hivyo juu yake kuna pikseli 50 tupu na chini yake 50 nyingine, na jedwali halijapata hata pikseli moja ya ziada. Dirisha likitanuliwa zaidi, pengo litakua nalo. Dalili mbili hizi zina chanzo kimoja: wijeti iliyovimba ni `expand` pamoja na `fill`, pengo linalokua dirisha linapokua ni `expand` bila `fill`. Zote mbili zinasema kuna aliyepewa ziada asiyoihitaji.

Wakati mwingine mwandishi anataka kweli mstari uwe mrefu, kwa mfano kwa sababu una picha ya bidhaa upande wa kushoto, lakini kitufe kilicho kando ya picha kisinyooke nayo. Hapo kosa haliko kwa sanduku la nje, na swichi za `pack_start` hazina msaada. Kinachotakiwa ni kumwambia mtoto asiujaze ule upande mwingine. Tangu GTK 3, kila wijeti ina mipangilio ya `halign` kwa ulalo na `valign` kwa wima, na thamani yake ya kuanzia ni kujaza. Mstari mmoja unatosha:

```python
kitufe.set_valign(Gtk.Align.CENTER)
```

Kitufe kitakaa katikati ya kimo cha mstari kikiwa na ukubwa wake wa asili. Katika GTK 2 mipangilio hii haikuwepo, na watu walilazimika kukifunga kitufe ndani ya wijeti nyingine iitwayo `GtkAlignment`. Ukiikuta kwenye msimbo wa zamani, elewa kwamba kazi yake ilikuwa hiyo.

Kwa nini kosa hili ni la kawaida

Watu wengi hawachagui `True, True` kwa makusudi. Katika PyGTK, njia ya zamani ya kutumia GTK 2 kwa Python, ukiandika `pack_start(kitufe)` bila kitu kingine, swichi zote mbili zilihesabiwa kuwa ndiyo. Mafunzo mengi yaliandikwa enzi hizo, na mifano yake ilikuwa madirisha madogo yenye kitufe kimoja au viwili, ambayo hayana ziada ya kugawa. Mwanafunzi akiunakili mfano huo kwenye dirisha lenye jedwali, anarithi jibu la swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu aliyechoshwa na uvimbe anaweka `False` kila mahali. Vitufe vinatulia, lakini dirisha likitanuliwa hakuna anayepokea ziada. Watoto wote wanajikusanya mwanzoni mwa sanduku, na sehemu kubwa ya dirisha inabaki tupu chini au kulia. Ni dalili tofauti, lakini imetokana na swali lile lile ambalo halijajibiwa.

Swichi mpya, na njia yake ya kupanda juu

GTK 4 imeondoa kabisa `pack_start` na swichi zake. Watoto sasa huongezwa kwa `append`, na kila wijeti hubeba yenyewe mipangilio minne: `hexpand` na `vexpand` kwa kuomba ziada ya upana na ya kimo, pamoja na `halign` na `valign` tulizokwisha ziona. Kuhamisha msimbo ni rahisi kwa maelezo. Ndani ya sanduku la ulalo, `expand` inakuwa `hexpand`. Ndani ya la wima inakuwa `vexpand`. Aliyekuwa na `fill` ya hapana anapewa `CENTER` kwenye upande huo huo.

Faida yake ni kwamba jina lenyewe sasa linataja upande. Mtu anayesoma `vexpand` hawezi kudhani inahusu upana. Lakini kuna tofauti moja ambayo mwongozo rasmi wa kuhama kutoka GTK 3 unaionya wazi. Katika GTK 2, `expand` ilikuwa makubaliano kati ya sanduku na mtoto mmoja, na haikutoka nje ya sanduku hilo. `hexpand` na `vexpand` hupanda juu: wijeti ikiomba ziada, mzazi wake naye huhesabiwa kuwa ameiomba, na mzazi wa mzazi pia, hadi kwenye dirisha.

Mara nyingi hilo ndilo linalotakiwa. Ukiliambia jedwali litanuke, masanduku yote yanayolibeba yanapaswa kutanuka nalo, na huhitaji kuandika agizo kwa kila ngazi. Tatizo linakuja pale ombi lilipokusudiwa kuwa la ndani tu.

Tuseme duka limekua, na programu sasa ina paneli ya pembeni yenye vichujio: aina ya bidhaa, bei, tarehe ya kuingia. Paneli ni sanduku la wima linalohitaji upana wa pikseli 200. Kulia kwake kuna jedwali linalohitaji 300 na lenye `hexpand`. Kati yao kuna pengo la 10, na dirisha lina upana wa 900. Ziada ni 390, na mwandishi anategemea yote iende kwa jedwali, lifikie 690.

Ndani ya paneli kuna mstari wa ulalo wenye lebo "Bei" na kisanduku cha kuandikia. Mwandishi anataka kisanduku kijaze sehemu iliyobaki ya mstari huo, kwa hiyo anakipa `hexpand`. Ombi linapanda: kutoka kisanduku hadi mstari, kutoka mstari hadi paneli. Sasa sanduku la nje linawaona watoto wawili walioomba ziada, nalo linawagawia 195 kila mmoja. Paneli inavimba hadi 395 na jedwali linabaki na 495. Mwandishi anapekua mipangilio ya paneli na kuona `hexpand` yake ni hapana. Kwa macho yake hakuna kosa lolote.

Dawa yake inashangaza mara ya kwanza, maana inaagiza kitu kinachoonekana kuwa tayari kiko hivyo:

```python
paneli.set_hexpand(False)
```

Mstari huu unafanya kazi kwa sababu GTK hutunza mambo mawili kwa kila wijeti: thamani ya `hexpand`, na kama thamani hiyo iliwekwa na mtu kwa makusudi. Hili la pili lina jina lake, `hexpand-set`. Wijeti ambayo haijawahi kuguswa ina hapana ya kuanzia, nayo huwasikiliza watoto wake. Wijeti iliyowekewa hapana waziwazi haiwasikilizi tena. Ombi linalopanda kutoka chini linaishia hapo. Kisanduku cha bei kitaendelea kujaza mstari wake ndani ya paneli yenye upana wa 200, na jedwali litapata 690 zake.

Kabla ya kuliweka agizo hilo, uliza kwanza kama `hexpand` ya chini ilihitajika. Kama kisanduku kingekaa moja kwa moja ndani ya paneli, bila mstari wa ulalo katikati, kingeujaza upana wa paneli chenyewe, kwa kuwa kwenye sanduku la wima upana ni ule upande mwingine ambao mtoto huujaza bila kuomba. Maombi mengi ya `hexpand` yanayovimbisha paneli ni ya aina hii. Yaliongezwa kwa tahadhari, hayakubadilisha chochote pale yalipowekwa, na madhara yake yakajitokeza ngazi tatu juu.

Namna ya kumpata anayeomba

Kipimo cha kwanza hakihitaji zana yoyote. Shika ukingo wa kulia wa dirisha kwa kipanya na uuvute, ukiangalia ni nini kinachokua kwa upana. Kisha vuta ukingo wa chini, uangalie kinachokua kwa kimo. Fanya moja moja, usivute pembe, kwa sababu ukivuta pembe pande mbili huchanganyika na hutajua kama unatafuta kosa la ulalo au la wima. Kwa njia hii unapunguza utafutaji kwa nusu: kosa la kimo liko kwenye sanduku fulani la wima, na la upana liko kwenye sanduku fulani la ulalo.

Kipimo cha pili ni kuyapaka rangi masanduku yenyewe, kwa kuwa kwa kawaida hayaonekani. GTK 3 na 4 husoma CSS, na kanuni moja inatosha:

```css
box { background-color: rgba(255, 0, 0, 0.15); }
```

Rangi hii ni nyepesi na inapitisha mwanga, hivyo sanduku lililo ndani ya jingine linaonekana jekundu zaidi, na ngazi zinajionyesha zenyewe. Hapo unaona papo hapo kama pengo liko ndani ya mstari wa chini au nje yake.

Kipimo cha tatu ni kikaguzi kilichojengwa ndani ya GTK yenyewe tangu toleo la 3.14. Ukiendesha programu kutoka kwenye kompyuta ya Linux kwa amri hii, dirisha la pili litafunguka kando yake:

```
GTK_DEBUG=interactive python3 duka.py
```

Humo utaona mti wa wijeti zote, kila mzazi na watoto wake. Anza na wijeti iliyovimba, upande ngazi moja moja, ukisoma `hexpand`, `vexpand` na zile mbili zenye `-set` mwishoni. Unaweza kubadilisha thamani hapo hapo na kuona dirisha likijipanga upya wakati programu inaendelea. Ukibadilisha ngazi sahihi, uvimbe unatoweka mbele yako, nawe unajua ni mstari upi wa msimbo wa kurekebisha. Usiache thamani hizo kwenye kikaguzi ukidhani umemaliza. Zinapotea programu inapofungwa.

Zana hizi zina mpaka wake. Swichi za kutanuka hazina neno juu ya kusinyaa. Kama dirisha linakataa kupunguzwa, au kitufe ni kipana hata pasipokuwa na ziada, chanzo ni ukubwa wa chini ambao wijeti fulani inaudai, pengine lebo ndefu isiyoruhusiwa kukatika mistari. Hapo kugeuza `expand` hakutasaidia kitu.

Kwa hiyo anayepanga dirisha jipya afanye kazi yake kwenye karatasi kabla ya kuandika msimbo. Achore masanduku, na kando ya kila sanduku aandike jina la mtoto atakayepokea ziada kwa upande ambao sanduku hilo linapanga. Kwenye programu ya duka majibu ni jedwali kwa sanduku la nje, kisanduku cha kuandikia kwa mstari wa kutafutia, na hakuna yeyote kwa mstari wa vitufe. Kwa madirisha mengi jina linalotokea ni moja tu kwa kila sanduku. Likitokea sanduku lenye majina matatu, huenda limejibiwa kwa mazoea, na linafaa kutazamwa upya kabla mtumiaji hajalitanua dirisha.